Hotuba ya Shukrani Niliyoiandika Mara Tatu

Walioniteua kusoma shukrani walikuwa na utani wao. Katika soko letu, huku upande wa Eastlands jijini Nairobi, kila mtu alikumbuka kwamba mwezi wa saba mimi ndiye niliyepanda juu ya kreti nikasema lango lifungwe, twende barabarani na mabango. Sasa ilikuwa Desemba, ada imepangwa upya, hakuna meza iliyovunjwa wala mtu aliyelala seli, na kamati ikasema, "Huyo wa viazi ndiye amsomee Mama Mwenyekiti shukrani." Nilicheka. Nilipoona wao hawacheki, nikaenda kutafuta kalamu.

Ugomvi wenyewe ulianza hivi. Kila muuzaji sokoni alikuwa analipa shilingi 50 kwa siku. Mimi ninayeshusha lori la viazi kutoka Kinangop nililipa 50, na mama aliyetandika gunia chini akapanga mafungu ishirini ya sukuma na dania alilipa 50 hiyo hiyo. Mwezi wa saba likabandikwa tangazo kwamba Mswada wa Fedha wa kaunti wa mwaka huo unapendekeza shilingi 80 kwa wote. Wa chini, ndivyo tunavyowaita hao wa magunia, walikuwa wanakwepa hata ile 50. Mkusanyaji akionekana kwenye lango, gunia linakunjwa, mtu anasogea kando ya choo, anarudi mkusanyaji akishapita. Wengine walimalizana naye kwa njia ambazo hazitoi risiti. Kwa 80, tulijua nusu yao wataondoka kabisa.

Sisi wa kelele tulitaka kuandamana. Mwenyekiti akatuomba siku kumi. Ni mama wa makamo, anauza nyanya na hoho, na ana tabia ya kumsikiliza mtu huku akipanga nyanya, hata unadhani hakusikii. Nilimpa hizo siku kumi kwa sababu moja tu: niliamini atashindwa, kisha zamu yetu ifike.

Rasimu yangu ya kwanza ya hotuba haikusema lolote kati ya hayo. Ilianza kwa "Itifaki imezingatiwa," ikaendelea kwa ukurasa mzima wa sifa: mama shujaa, simba jike, nguzo ya soko, taa yetu gizani. Halafu ikafika pale nilipopapenda mwenyewe, nilipoandika kwamba "tuliwanyoosha wale wa ofisini mpaka wakakubali." Nilijua hapo watu watapiga makofi.

Nilimpelekea mzee mmoja wa vitunguu, makamu wa mwenyekiti, mtu asiyeongea sana. Alisoma akiwa amesimama, miwani kwenye ncha ya pua. Akaniuliza, "Yule afisa wa mapato amealikwa?"

"Amealikwa, Mzee."

"Ataketi wapi?"

"Meza ya mbele."

"Sasa ukishamwambia mbele ya watu mia tatu kwamba alinyooshwa, Jumatatu akienda kazini atafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, "Na hii simba jike, ungeweza kumsomea hata bibi harusi. Kwani Mama alifanya nini? Andika alichofanya." Akanirudishia karatasi, akageukia mteja.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba sijui alichofanya. Nilijua matokeo. Zile siku kumi mimi nilikuwa nanuna kwenye viazi vyangu. Kwa hiyo ikanibidi niulize, na nilichokusanya kwa siku tatu kilikuwa na thamani kuliko rasimu nzima.

Aliyenisaidia zaidi alikuwa mama mmoja wa managu na terere, wa chini. Aliniambia kwamba Mwenyekiti alikuja kuketi kando yake saa kumi na moja alfajiri, na daftari la shule lenye kurasa 96. Alilipiga mistari kwa rula, safu tatu: wa chini, wa meza, wa jumla. Siku sita mfululizo, yeye na wasichana wawili walizunguka soko mara mbili kwa siku, wakihesabu nafasi za kuuzia. Hawakuandika majina. Hilo lilikuwa sharti lake, kwa sababu orodha ya majina ya wasiolipa ikipotea njiani inageuka kuwa orodha ya kukamatwa. Walihesabu nafasi, kisha wakamwomba kila mtu aonyeshe ujumbe wa malipo wa siku hiyo kwenye simu. Mwenye ujumbe alipata alama ya tiki, asiye nao alipata sifuri, bila swali. Nililiona hilo daftari baadaye. Kurasa zake zina madoa ya nyanya, na sifuri ni nyingi.

Hesabu ilitoka hivi. Nafasi zote zilikuwa 412: wa chini 190, wa meza 176, wa jumla 46. Wanaolipa kwa siku, kwa wastani, walikuwa 230. Yaani ofisi ilikuwa ikipata shilingi 11,500 kwa siku kutoka soko ambalo kwenye karatasi lingetoa zaidi ya 20,000. Ukipandisha ada hadi 80, na walipaji wakibaki wale wale 230, unapata 18,400. Hiyo ndiyo hesabu aliyokuwa nayo afisa, na haikuwa hesabu ya kijinga. Kasoro yake ni kwamba walipaji hawabaki wale wale.

Mwenyekiti akajaribu mpangilio mwingine. Wa chini walipe 30, wa meza wabaki 50, wa jumla walipe 80. Wote wakilipa, mia tisini mara thelathini ni 5,700, mia sabini na sita mara hamsini ni 8,800, arobaini na sita mara themanini ni 3,680. Jumla 18,180. Inapungukiwa shilingi 220 tu na kile ofisi ilichotaka. Na hata katika kila watu mia wakikosa kulipa kumi na tano, bado inapita 15,000, mbali na ile 11,500 ya zamani.

Mtu anaweza kusema hesabu hiyo ni rahisi, hata mtoto wa darasa la sita anaifanya. Ni kweli. Ila hakuna aliyekuwa nayo. Ofisi ilikuwa na idadi ya malipo bila idadi ya nafasi, na sisi tulikuwa na hasira bila idadi yoyote.

Kabla ya kwenda ofisini alikuja kwetu sisi wa jumla, na hapa niseme ukweli: tulimfokea. Mimi nilimwambia kwamba ametuuza. Yeye aliuliza kitu kimoja tu, "Lori lako linasubiri langoni kwa muda gani?" Nikamwambia saa mbili, mara nyingine tatu, kwa sababu lango kubwa hufunguliwa saa kumi na mbili na wenye mikokoteni wanabanana hapo. Viazi vikikaa juani vinaanza kuharibika, mteja anavikataa, na dereva anadai pesa ya kusubiri. "Lango la nyuma likifunguliwa saa kumi alfajiri," akasema, "hiyo thelathini ya ziada itakuuma?" Nilipiga hesabu ya pesa ya dereva kichwani, nikanyamaza. Wenzangu nao wakanyamaza. Ndivyo tulivyokubali, bila hata kupiga kura.

Kuhusu mkutano wa ofisini nilisimuliwa na mzee wa vitunguu, aliyekuwepo. Walikwenda watu watatu, mmoja akiongea. Hawakwenda mwisho wa mwezi, kwa sababu wakati huo afisa anafunga hesabu na kila anayeingia ni msumbufu. Na Mwenyekiti hakuanza na shida zetu. Alifungua daftari akasema, "Bwana Afisa, sokoni kwetu watu 182 hawakulipi kila siku, nami nimekuja kukuambia ni kwa nini."

Mzee anasema alitaka ardhi ipasuke. Ndiyo siri yetu kubwa hiyo, naye ameimwaga mezani kabla hata chai haijaletwa. Lakini afisa aliweka kalamu chini, akavuta kiti karibu. Kumbe kwa miaka miwili wakubwa wake walikuwa wanamuuliza kwa nini soko letu linatoa kidogo, naye hakuwa na jibu ila kusema watu ni wakaidi. Sasa alikuwa amepewa jibu, limepangwa kwa safu tatu.

Kulikuwa na kizuizi kimoja ambacho sisi wa kelele hatukukijua. Afisa huyo asingeweza kutupunguzia ada hata kama angetaka. Katiba ya 2010, kifungu cha 210, inasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayowekwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokuwa kwa sheria. Angetuandikia barua ya kukubali 30, barua hiyo ingekuwa karatasi tu, na mkusanyaji mwingine angekuja kesho na kudai 50 kwa haki kabisa. Kama tungefunga lango na afisa akakubali kwa hofu, tungeshangilia kitu kisichokuwepo. Mahali pa kubadilisha ada ni kwenye ule Mswada wa Fedha, na bunge la kaunti lina siku tisini za kuupitisha baada ya bajeti kupita. Mwaka wa fedha huanza Julai, kwa hiyo dirisha hujifunga kuelekea mwisho wa Septemba. Siku kumi zetu zilikuwa zinakula dirisha hilo hilo.

Basi walichomwomba afisa hakikuwa kupunguza ada. Walimwomba asipinge pendekezo lao likifika kwenye kikao cha kukusanya maoni ya wananchi, na kama ataulizwa hesabu, aseme ameiona. Akakubali hilo, kwa kuwa halikumgharimu kitu. Mwenyekiti akaandika maoni ya kurasa mbili, safu tatu zikiwa mbele, na chini akanukuu kifungu cha 201 kinachotaka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Akapeleka nakala mbili na kubaki na ya tatu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ulikuja kutufaa, maana kwenye kikao mtu mmoja alisema hakuna maoni ya maandishi yaliyotoka sokoni kwetu. Mama akainua karatasi yake. Hakusema neno.

Sasa nilikuwa na cha kuandika. Rasimu ya pili ikawa mbaya kwa njia nyingine: niliweka kila kitu, hesabu zote, vifungu vyote, na mke wangu alipoisikiliza jikoni alilala ameshika sufuria. Kwa ile ya tatu nilijiwekea masharti. Kitendo kimoja kisimuliwe kwa ukamilifu, na vingine vipite. Asitajwe aliyeshindwa. Na kosa langu nilitaje mwenyewe kabla wengine hawajalinong'ona.

Kitendo nilichokichagua ni lile daftari. Ningeweza kuchagua mkutano wa ofisini, ambao ndio mtamu, lakini afisa angekuwa ameketi pale, na kusimulia jinsi mtu alivyoweka kalamu chini ni kama kumvua shati. Kuhesabu magunia alfajiri hakumfedheheshi mtu yeyote.

Jumapili ya kwanza ya Desemba tulifunga mapema, tukapanga hema mbili na viti vya kukodi, soda na mandazi. Spika ilipiga mluzi mpaka watoto wakaziba masikio. Mwakilishi wadi aliongea dakika ishirini, kama kawaida yao. Ilipofika zamu yangu nilikuwa na karatasi moja, na hii ndiyo sehemu niliyoisoma:

"Mama Mwenyekiti, mwezi wa saba nilipanda juu ya kreti pale karibu na choo, nikasema ukishindwa tutafunga lango. Wengine wenu mlinipigia makofi, msijifiche sasa. Wakati mimi nikipiga kelele, wewe ulikuwa umeketi chini kwa mama wa managu, saa kumi na moja alfajiri, unahesabu. Ulihesabu siku sita. Nyanya zako ziliuzwa na binti yako, na nimeambiwa siku mbili hazikuuzwa kabisa, ukazigawa. Hukutudai kreti hizo. Hukuandika jina la mtu yeyote asiyelipa, na leo hakuna mtu hapa anayeweza kusema uliwahi kumchoma. Mimi ni mmoja wa wauzaji 48 wa jumla. Kabla yako nililipa hamsini, na sasa nalipa themanini. Nasimama hapa kukushukuru kwa kunipandishia ada."

Hapo watu walicheka kwa muda mrefu kiasi kwamba nilipoteza mstari. Niliuruka ule wa kumshukuru binti yake kwa jina la biashara yao, kosa ambalo bado naambiwa. Nikaendelea:

"Bwana Afisa, asante kwa kuja. Hesabu ilipoletwa uliisoma. Ni kitu kidogo kusema, lakini wengi wetu hapa hatukuwa tumeisoma."

Nilikuwa nimeiandika sentensi hiyo mara saba. Ya kwanza ilisema alikubali, ambayo inamfanya aonekane amesalimu amri. Nyingine ilisema alitusaidia, na hapo wakubwa wake wangeuliza kwa nini alisaidia. Kusoma ni kazi yake. Hakuna anayeweza kumlaumu kwa kusoma. Nilimwona akitikisa kichwa mara moja, akachukua soda yake.

Nilitaja pia jambo ambalo kamati haikutaka litajwe. Ada mpya ilipoanza, mfumo wa malipo ya simu uliendelea kuwakata wa chini 50 kwa karibu wiki tatu, kwa sababu ile safu ya 30 haikuwa imeingizwa. Kelele zilianza tena, na safari hii kwa haki. Mwenyekiti aliwaambia walipe, wahifadhi ujumbe, na kila jioni akaandika ni nafasi ngapi zilizozidishwa. Alipopeleka hesabu hiyo, safu iliingizwa, na waliozidishiwa wakahesabiwa siku za mbele. Si wote. Kuna akina mama kadhaa waliokuwa wamefuta ujumbe kwenye simu, na shilingi zao hazikurudi. Nilisema hivyo mbele ya watu, kwa sababu nao walikuwa wameketi pale, na hotuba ambayo ingejifanya kila kitu kilikwenda sawa wangeijua ni ya uongo. Mmoja wao alipiga makofi peke yake.

Zawadi ilituletea mjadala. Vijana walitaka bahasha. Mzee wa vitunguu alikataa: bahasha mbele ya afisa wa mapato inafanana na mambo mengine. Tukanunua mwavuli mkubwa wa meza, ule wa rangi ya kijani, kwa sababu wa kwake ulikuwa umeshonwa kwa kamba ya gunia. Nilimkabidhi, akaufungua pale pale kuangalia kama vyuma ni imara.

Kisha akachukua kipaza sauti. Tulidhani atalia, au ataomba. Akavaa miwani, akatoa lile daftari mfukoni mwa aproni.

"Kijana wa viazi," akasema, na mimi nina miaka 43, "umesema wa jumla ni 48. Ni 46. Wawili walihamia soko la Wakulima mwezi wa tano, kabla sijaanza kuhesabu."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alingoja kutulie, akasoma hesabu ya Jumanne iliyopita: wa chini 158 wamelipa, wa meza 150, wa jumla 43. Shilingi 15,680. Akamgeukia afisa, akamuuliza kama na yeye ana hiyo hiyo. Afisa akatoa simu, akapekua, akasema ana 15,650.

"Basi kuna mama mmoja wa chini alilipa na haijafika kwako," akasema Mwenyekiti. "Kesho nitautafuta ujumbe wake."

Akakunja daftari, akaketi chini ya mwavuli wake mpya, akaomba mandazi.